Nisuke vipi ili kofia ya joho ikae sawa?

Shikamoo dada,

Nahitimu Jumamosi ya wiki mbili zijazo hapa Tanga. Nywele zangu ni za asili, hazina dawa, ni nzito, na nikizinyoosha zinagusa mabega. Msusi wangu wa Ngamiani anataka kunisuka rasta za kupandisha na fundo kubwa utosini, anasema ndiyo nywele za sherehe. Juzi nilifunga nywele hivyo nikajaribu kofia ya rafiki yangu aliyehitimu mwaka jana. Ikakaa kama chungu kwenye figa moja. Nikiinama inadondoka, nikiivuta mbele inafunika macho.

Dada yangu ananiambia nivae wigi, yaishe. Mama anasema nisuke twende kilioni, nami naona nitafanana na mtoto wa shule. Majoho tunagawiwa Alhamisi. Picha za chuo ni asubuhi, mchana tunakwenda Raskazone na familia kupiga nyingine, jioni kuna sherehe nyumbani na hapo kofia sitavaa tena, kwa hiyo sitaki nionekane nimelazwa kichwa. Nisuke nini, nisuke lini, na nifanyeje kofia isiteleze na nywele zisifumuke kwa jasho?

Mhitimu, Chumbageni

*

Marahaba, mdogo wangu.

Mama yako yuko karibu na jibu kuliko dada na msusi, ila mistari yake tutaigeuza kidogo. Na kabla ya nywele tuanze na kofia, maana nywele utazipanga upendavyo lakini kofia utapewa ilivyo.

Kofia ya joho ina sehemu mbili: kibao cha mraba, ambacho kwa kawaida kina upana wa sentimita 23 hadi 25 hivi, na kikofia kilichoshonwa chini yake, ambacho ndicho kinachoshika kichwa. Kibao ni kigumu, hakijikunji kufuata kichwa kama kilemba. Kitu chochote kilichoinuka ndani ya kikofia kinakinyanyua kibao chote, na ukingo wa kikofia unabaki hewani bila kugusa kichwa. Hapo kofia haishikwi na chochote isipokuwa ncha ya fundo lako. Ndiyo maana ulipoinama ilidondoka. Ulipoivuta mbele, fundo lilikuwa nyuma ya katikati, likausukuma upande wa nyuma juu na upande wa mbele ukashuka machoni. Pini hazitibu tatizo hilo, hata ukiweka ishirini.

Kofia iliyokaa vizuri ina kibao kilicholala sawa na sakafu. Ukingo wa mbele unapita kwenye paji la uso, kama vidole viwili juu ya nyusi. Pembeni unapita juu kidogo ya masikio. Nyuma unashika pale kisogo kinapomaliza kutokeza na kuanza kuingia kuelekea shingoni. Chukua uzi laini, uzungushe kichwani kufuata njia hiyo, ufunge bila kukaza. Uzi huo ndio mpaka wako. Juu ya uzi nywele ziwe bapa na za unene mmoja kichwa kizima, na ujazo wowote unaoutaka ukae chini ya uzi. Utaona kwamba chini ya uzi kuna mahali pamoja tu penye nafasi ya maana, nako ni kisogoni.

Nafasi hiyo nayo ina mwisho wake, na hapa ndipo wengi wanapokosea hata baada ya kukubali kuliacha fundo la utosini. Juu una ukingo wa kofia. Chini una kola ya joho na kile kitambaa cha rangi kinachoshuka mgongoni, ambacho huongeza unene shingoni kuliko watu wanavyodhani. Fundo likigusana na ukingo, kofia inasukumwa mbele. Likiwa chini mno, kila ukiinua uso kumtazama mpiga picha au mgeni rasmi aliye jukwaani, kola inalisukuma fundo juu, fundo linaisukuma kofia, na kofia inaruka. Kwa hiyo liache fundo vidole viwili chini ya uzi, na lisizidi pale nywele za shingoni zinapoishia. Kipimo ni rahisi: vaa nguo yenye kola, zungushia mtandio shingoni, kisha tazama dari. Kama fundo limeguswa, lipunguze unene au lipandishe kidogo.

Sasa mtindo wenyewe. Msusi akusuke mistari minane inayoanza mbele na kuelekea nyuma, lakini isiende sambamba moja kwa moja kama ile ya shule. Yote iinamie kidogo na kukutana kisogoni, chini ya uzi. Mistari ya pembeni kabisa ipite juu ya sikio, kisha ipinde kushuka nyuma yake. Hiyo ndiyo itakayoonekana kwenye picha ukiwa na kofia, kwa hiyo hapo ndipo msusi aweke ufundi wake. Kama anataka kuongeza vimistari vyembamba kati ya minene, avitie pembeni. Michoro ya utosini, zigizaga na maua, ni kazi ya saa nzima itakayofunikwa asubuhi yote.

Jambo la kumsisitizia ni moja: mstari uendelee kushika ngozi mpaka uvuke uzi, vidole viwili zaidi, ndipo uachwe huru. Wasusi wengi humalizia mstari pale kisogo kilipotokeza zaidi, kwa sababu ni rahisi mkono kufika, halafu wanaachia misuko ining'inie. Ukifanyiwa hivyo, misuko yote minane inakuwa imeanza kusimama ndani ya kofia, na upande wa nyuma utainuka hata kama fundo liko chini. Ndiyo sababu nakwambia uende saluni na uzi wako. Ufunge kichwani kabla hajaanza kugawa nywele, aone mpaka kwa macho yake.

Rasta zitahitajika, lakini si nyingi. Mwanzo wa kila mstari asitie kifundo cha rasta. Aanze na nywele zako mwenyewe kwa sentimita mbili hivi, kisha aongeze nyuzi chache chache kila anaposonga nyuma. Kifundo cha mbele kitabanwa na kofia kwa saa tatu au nne, na maumivu yake utayajua kabla jina lako halijasomwa. Unene wa mstari usizidi kalamu ya risasi. Pakiti za rasta hazilingani uzito, kwa hiyo usikubaliane kwa idadi ya pakiti. Kubalianeni kwa kipimo cha mkono: misuko yote ikikusanywa kisogoni, kidole gumba na cha shahada viweze kuizunguka na kukutana. Vikishindwa kukutana, fundo litakuwa kubwa kuliko nafasi uliyonayo.

Fundo lenyewe lisivutwe kuwa la mviringo. Funga misuko kwa mpira, izungushe ilale bapa, pana kuelekea masikioni na fupi kutoka juu kwenda chini, kisha uishike kwa pini sita hadi nane zenye umbo la mguu wa kibanio, zile zilizo wazi upande mmoja. Kila pini ishike kwanza msuko wa nje, iguse kichwa, kisha igeuzwe kuelekea katikati ya fundo. Pini iliyochomekwa moja kwa moja bila kugeuzwa hutoka yenyewe. Ukijitazama ubavuni kwenye kioo, fundo lisitokeze zaidi ya sentimita nne hivi.

Siku ya kusuka ni Jumatano. Najua wengi husuka Ijumaa ili nywele ziwe mpya, lakini Ijumaa ni kujitafutia balaa. Mistari mipya huvuta ngozi, na siku ya kwanza na ya pili ndizo za maumivu. Ukiiongezea kofia inayobana juu yake, kichwa kitakuuma na uso utaonyesha. Tena vipele vya mbele vikitokea, hutakuwa na muda wa kufumua. Kusuka wiki nzima kabla nako hakufai kwa hapa kwetu. Mahafali mengi huangukia wakati wa vuli, hewa ya pwani ina unyevu, na nywele za asili zilizonyooshwa zikinywa unyevu hurudi kwenye mkunjo wake. Vinyweleo vitaanza kuchomoza kati ya mistari baada ya siku tano au sita, na kwenye picha ya mwanga wa nyuma vinaonekana vyote. Jumatano inakupa pia faida nyingine: Alhamisi utakwenda kuchukua joho ukiwa tayari umesukwa, ujaribu kofia juu ya nywele zile zile utakazovaa nazo. Mistari na rasta huweza kuongeza mzunguko wa kichwa kwa sentimita moja au mbili, na hiyo inatosha kukutoa saizi moja kwenda nyingine. Kama chuo kiliwataka muandike vipimo mapema, pima upya na uombe kubadilishana na mwenzako siku hiyo hiyo.

Osha nywele Jumatatu. Zikibakiza unyevu kidogo tu, zigawe mafungu kumi hadi kumi na mawili na uyasokote mabutu kwa uzi mweusi, kutoka shinani hadi nchani. Lala nayo, na Jumanne yaache yakauke kabisa. Uzi utazinyoosha bila moto. Naupendelea kuliko drayer kwa nywele kama zako kwa sababu haukaushi ncha, na ncha zilizokauka ndizo zinazochomoza kwenye msuko. Usikubali kusukwa nywele zikiwa mbichi. Nywele iliyolowa hurefuka ikivutwa, na ikikauka ndani ya msuko hujikunja, hivyo mstari uliokuwa mzuri saluni unakaza usiku ukiwa umelala.

Unajuaje kwamba umekazwa mno? Ukiwa bado kwenye kiti, inua nyusi. Ngozi ya paji ikigoma kukunjamana, au ukiona vidoti vyeupe kwenye mashina ya nywele za panja, mwambie alegeze hapo hapo. Usingoje na usinyamaze kwa heshima. Nywele za panja ndizo dhaifu kuliko zote, zikivutwa mara kwa mara hukatika, na baadaye hukataa kuota. Maumivu ya kawaida hupungua kesho yake. Yasiyopungua, au yaliyoambatana na vipele vyenye usaha, yanataka mistari ya eneo hilo ifumuliwe, mahafali au si mahafali.

Kabla hujaondoka saluni, ncha za rasta zichovywe kwenye maji ya moto. Kwa kuwa unataka kuachia nywele jioni, ncha zizungushiwe kwanza kwenye rola au hata vipande vya mrija mnene, zichovywe kwa sekunde kumi au kumi na tano, zikamuliwe kwa taulo, na zisifunguliwe mpaka zipoe kabisa. Rasta za plastiki hushika umbo zinapopoa, si zinapopata moto, kwa hiyo ukifungua mapema hazitajikunja. Weka taulo mabegani, na msuko uchovywe nje ya kiti, mbali na mgongo. Kuchoma ncha kwa kiberiti mimi sikushauri: huacha kidonge cheusi kigumu kinachokwaruza shingo na kunasa kwenye kitambaa cha joho.

Alhamisi ukishapata kofia, kazi ya kuishikisha inaanza. Majoho mengi ni ya kukodi na yanarudishwa, kwa hiyo gundi usiifikirie na pini usizitoboe kwenye kitambaa cha nje. Chukua sindano na uzi mweusi, ushone vitanzi vinne kwenye bitana, ndani ya ukingo: viwili juu ya panja, viwili nyuma ya masikio. Kila kitanzi kiwe na urefu wa sentimita moja, kilegee kiasi cha kupitisha pini bapa ya kawaida. Siku yenyewe vaa kofia, iweke sawa, kisha mwenzako apitishe pini kwenye kitanzi na kuiingiza chini ya mstari uliosukwa. Kwa panja weka pini mbili kila upande, zikikatizana. Mistari ina kazi kubwa hapa, maana pini inayoingia chini ya msuko ina kitu cha kushika, wakati kwenye nywele zilizolazwa kwa jeli tu huteleza kama haikuwekwa. Kama kofia ni pana kidogo na hukupata ya kubadilisha, jaza kipande cha sponji nyembamba au kitambaa cha mahameli ndani ya ukingo wa nyuma. Usijaze mbele, utaisukuma kofia kisogoni.

Halafu ifanyie mtihani nyumbani kwa dakika kumi. Inama kama unayesalimia, tazama dari, geuza shingo haraka kulia na kushoto, panda na ushuke ngazi. Ikisogea mbele, tatizo ni fundo. Ikisogea nyuma, ukingo wa mbele umekaa juu mno au pini za panja hazikushika mstari. Ikizunguka, ni kubwa.

Usiku wa Ijumaa lala umefunga mtandio laini wa satini. Asubuhi usipake mafuta ya nazi. Nayajua mazuri yake, lakini kwa siku hii yatayeyuka kwa joto, yateremke kwenye paji, uso ung'ae kwenye kila picha na bitana ya kofia ya watu ibaki na doa. Tumia jeli, na kidogo: punje moja ya kunde kwa kila panja, na nyingine kwa nywele za shingoni. Ipake kwa mswaki laini kufuata mwelekeo wa mstari, kisha funga mtandio kwa dakika ishirini. Kuutoa, uinue kutoka mbele kwenda nyuma, usiuburute.

Jeli ina kisa chake kimoja kinachoharibu picha nyingi: chembe nyeupe. Zinatokea jeli ikipakwa juu ya jeli ya jana, au ikikutana na krimu isiyopatana nayo. Siku mbili kabla, changanya kidogo ya jeli na kidogo ya krimu unayotumia mgongoni mwa mkono, usugue. Ikiwa laini, inafaa. Ikifanya vipande kama maziwa yaliyoganda, ujue ndivyo itakavyokuwa kichwani, na uache kimojawapo. Chembe zikitokea siku yenyewe usizikwangue kwa kucha. Zibonyeze kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, ngoja zilainike, zitafutika. Jasho nalo ni la kubonyeza kwa karatasi laini kwenye ukingo wa kofia, bila kusugua, kwa sababu jasho huilowesha jeli upya, na ukisugua wakati huo unazinyanyua nywele zote ulizozilaza.

Ukitoka nyumbani kofia ishike mkononi. Kama unakwenda na bodaboda, helmeti italiponda fundo, afadhali bajaji siku hiyo. Beba pia mfuko wa plastiki, kwa sababu ndani ya vibao vingi mna kadibodi, na kadibodi iliyonyeshewa na vuli hupinda pembe na haitanyooka tena kabla ya picha.

Kwa picha, mpiga picha atakwambia usukume kofia nyuma ili uso uonekane. Usikubali. Kofia ikirudi nyuma, kibao kinasimama kichwani na kwenye picha ya mbele unaonekana umevaa ubao. Kinachoficha uso si kofia bali kivuli cha kibao, hasa jua la saa sita likiwa juu. Dawa yake ni kuhamia kivulini. Kule Raskazone tafuta kivuli kizito cha mti au ukuta, simama karibu na mwisho wa kivuli, uso ukitazama upande wenye mwanga. Epuka kivuli chenye matundu ya jua, kitakutia madoa usoni. Na hereni ziwe ndogo. Kishada cha kofia huning'inia karibu na sikio, na hereni kubwa ya duara itakinasa wakati mnaambiwa mtabasamu. Upande wa kukiweka kishada waulizeni wasimamizi wenu, kila chuo kina utaratibu wake.

Wigi nitaliongelea kwa ufupi. Lina safu yake laini ndani, na kofia ina bitana laini, hivyo vitu viwili vinavyoteleza vinakaa kimoja juu ya kingine. Ukivua kofia, wigi linaifuata. Kama limegundishwa mbele, jasho la ukumbini huanza kuinua gundi kwenye panja, na hilo hutalijua mpaka uone picha. Wigi fupi, jepesi, juu ya mistari bapa, linaweza kufaa. Refu lenye ujazo utosini ni tatizo lile lile ulilonalo sasa, kwa bei kubwa zaidi.

Na kwa wasomaji wetu wanaovaa hijabu, uzi na fundo ni vile vile: fundo liwe chini ya ukingo, si juu. Tofauti iko kwenye kitambaa. Ndani vaa kofia ya pamba inayobana kiasi, juu yake mtandio wa pamba au jezi, kwa kuwa hariri na satini huteleza chini ya bitana. Mikunjo ya mtandio isikusanyike utosini, ikusanyeni shingoni, na pini za vitanzi zishike mtandio pamoja na kofia ya ndani.

Jioni, kabla hujavua kofia, toa kwanza pini zote za vitanzi, za panja na za nyuma ya masikio. Ukiivuta ikiwa imeshikwa, mistari ya panja itafumuka kabla wageni hawajafika. Alama ya ukingo kwenye paji ipe robo saa na kitambaa cha maji baridi. Kisha toa pini za fundo, kata mpira kwa mkasi badala ya kuuvuta, tikisa misuko ishuke na ncha zake zilizokunjwa. Mistari bapa ya mbele na misuko iliyoachiwa mgongoni inatosha kwa sherehe, na kama bado unataka kitu juu, sasa ndipo pa kumruhusu msusi wako apandishe misuko miwili ya katikati utosini. Vile vitanzi vinne vikate kwa ncha ya mkasi kabla ya kurudisha kofia, na upapase ndani ya bitana kuhakikisha hakuna pini iliyosahaulika.